Andiko Limeahirishwa: Ndani ya Muhtasari wa Kamati ya Maadili ya Utafiti

Watafiti wa afya wanaijua barua hiyo. Mtu ameandaa andiko la utafiti kwa miezi, amelipia ada ya mapitio, amewasilisha, na baada ya wiki kadhaa anajibiwa kwamba kamati ya maadili ilikaa, ililijadili andiko lake na imeamua kuliahirisha. Wengi hukasirika. Wafadhili wanauliza maswali, wasaidizi wa utafiti wameshaajiriwa, na sasa kazi yote inasubiri kikao kijacho.

Barua hiyo imetokana na waraka mwingine ambao mtafiti haonyeshwi, yaani muhtasari wa kikao. Humo imeandikwa nani alikuwepo, nani alitoka nje na kwa nini, nini kilibishaniwa, kura zilikwendaje, na muhimu kuliko yote, ni hoja gani iliyoifanya kamati ikatae kusema ndiyo. Anayeelewa jinsi muhtasari huo unavyoandikwa ataelewa pia kwa nini andiko moja hupita kwa masharti na jingine, lenye kasoro zinazoonekana kuwa chache, hurudishwa mezani.

Kikao na karatasi yake

Tanzania ina Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya, ambayo iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979. Vyuo vikuu vya afya na taasisi kubwa za utafiti nazo zina kamati zao. Kenya ina utaratibu unaofanana na huo, ambapo kamati za taasisi husimamiwa na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Katika kamati hizi hukaa madaktari na wataalamu wa takwimu, lakini hukaa pia mwanasheria, na mjumbe mmoja au zaidi asiyekuwa mwanasayansi kabisa. Mjumbe huyo amewekwa makusudi. Kazi yake ni kusoma maelezo atakayosomewa mshiriki na kusema kama mtu wa kawaida atayaelewa.

Muhtasari hufuata mpangilio ambao yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya shule au bodi ya ushirika ataufahamu: waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, maandiko mapya, mengineyo, kufunga. Tofauti iko katika mambo mawili ambayo kwenye kamati nyingine huandikwa kwa mstari mmoja tu, au hayaandikwi kabisa.

La kwanza ni akidi. Tuseme kamati ina wajumbe 11 na akidi yake ni 6. Wakihudhuria 6, kikao ni halali. Lakini ikiwa mmoja wao ni mtafiti mwenza katika andiko linalojadiliwa, ana mgongano wa maslahi, hivyo hutakiwa kutoka nje mjadala na uamuzi vinapofanyika. Ndani wanabaki 5, na uamuzi wowote watakaoutoa juu ya andiko hilo hauna nguvu. Kwa hiyo muhtasari mzuri hauishii kwenye orodha ya mahudhurio ya asubuhi. Kwa kila andiko huonyesha nani alitoka, kwa sababu gani, waliobaki walikuwa wangapi, na kwamba alirudi baada ya uamuzi kufikiwa.

La pili ni majina. Wajumbe hutambulishwa kwenye mahudhurio, lakini ndani ya mjadala muhtasari husema “mjumbe mmoja alihoji” au “kamati ilibaini”. Nchi zetu zina watafiti wachache wanaojuana, na leo mjumbe anapitia andiko la mtu ambaye kesho anaweza kuwa bosi wake. Asipolindwa, hatasema ukweli.

Majibu manne

Mwisho wa mjadala, kamati huchagua jibu moja kati ya manne. Andiko huidhinishwa kama lilivyo, jambo ambalo hutokea mara chache. Huidhinishwa kwa masharti. Huahirishwa. Au hukataliwa, na kukataliwa nako ni nadra, kwa sababu andiko baya kwa kawaida huahirishwa ili lipate nafasi ya kurekebishwa.

Ugumu uko kati ya jibu la pili na la tatu. Mtafiti akitazama barua, zote mbili zina orodha ya mambo ya kurekebisha, na pengine orodha ya masharti ni ndefu kuliko ya ahirisho. Idadi ya kasoro siyo inayoamua. Kinachoamua ni aina ya jibu linalosubiriwa. Kamati inapoweka sharti, tayari inajua jibu sahihi: ongeza namba ya simu, futa sentensi hii, ambatisha barua ya mganga mkuu wa wilaya. Mwenyekiti au katibu anaweza kulinganisha karatasi ya zamani na mpya akaona kama sharti limetimizwa, bila kuhitaji hekima ya wajumbe wote. Lakini pale ambapo kamati haijui jibu litakuwa nini, na jibu hilo linaweza kubadili namna inavyopima hatari na faida kwa mshiriki, hakuna mtu mmoja anayeweza kuamua kwa niaba ya kikao. Andiko linapaswa kurudi mbele ya wote.

Mfano: damu ya mtoto

Tuchukue andiko la kubuni, ingawa kila kipande chake kinafanana na mambo yanayofika mezani mara kwa mara. Mtafiti anataka kufuatilia watoto 120 wa umri wa miezi 6 hadi miaka 5 wanaotibiwa malaria kwa dawa mseto, ili ajue kama vimelea vinaisha kabisa mwilini. Watoto watafuatiliwa kwa siku 28. Hadi hapo ni utafiti wa kawaida, na matokeo yake yana faida kwa taifa, maana dawa inayoanza kushindwa lazima igunduliwe mapema.

Kwa kazi hiyo, damu ya kutoboa kidole hutosha. Tone moja hupakwa kwenye slaidi kwa ajili ya hadubini, na matone machache hukaushwa kwenye karatasi maalumu ya kufyonza damu kwa vipimo vya vinasaba vya vimelea. Lakini andiko hili limeongeza jambo. Linasema mtoto atatolewa pia mililita 4 za damu kwenye mshipa siku ya kwanza, kisha siku ya 3, 7, 14, 21 na 28. Sababu iliyotolewa ni sentensi moja: sampuli zitahifadhiwa kwa uchunguzi wa baadaye katika maabara mshirika ng’ambo.

Mjumbe aliyepewa kazi ya kulisoma kwanza alichukua kalamu. Mililita 4 mara 6 ni 24. Kipimo ambacho kamati nyingi hukitumia, kilichotokana na kanuni za Marekani kuhusu utafiti wenye hatari ndogo, ni kwamba mtoto asitolewe zaidi ya mililita 3 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya wiki 8, na isizidi mililita 50 kwa jumla. Mtoto wa kilo 12 ana kikomo cha mililita 36, hivyo hana shida. Lakini mtoto wa miezi 6 mara nyingi ana kilo 7 tu, na kikomo chake ni 21. Andiko linamvusha mpaka. Tena hawa ni watoto wenye malaria, ugonjwa unaoharibu chembe nyekundu za damu, na baadhi yao watafika kliniki wakiwa tayari na upungufu wa damu. Andiko halikutaja popote kwamba kiwango cha damu cha mtoto kitapimwa kabla ya kumtoa nyingine.

Wakati huohuo, wajumbe wengine waliona kasoro zaidi. Fomu ya ridhaa haikuwa na namba ya simu ya katibu wa kamati. Ilisema mzazi asiyejua kusoma ataweka dole gumba, lakini shahidi aliyetajwa ni muuguzi wa utafiti huohuo, ilhali shahidi anapaswa kuwa mtu asiyehusika na utafiti. Nauli haikutajwa kiasi. Na fomu haikusema lolote kuhusu damu kuhifadhiwa au kusafirishwa nje ya nchi.

Kasoro tano au sita. Zipi ni masharti na zipi ni sababu za kuahirisha?

Simu, shahidi na nauli ni masharti. Majibu yake yanajulikana, na katibu anaweza kuyathibitisha. Ungeweza kudhani kiasi cha damu nacho ni sharti: kamati ingesema tu “punguzeni hadi mililita 3 kwa kilo” na kazi ikaisha. Hapo ndipo mjadala ulipokuwa mkali, kwa sababu swali la msingi lilikuwa jingine: kwa nini damu ya mshipa itolewe kabisa? Ikiwa ni lazima kwa swali la malaria, kamati ingepima hatari yake dhidi ya faida hiyo. Ikiwa ni kwa ajili ya ghala la sampuli ambalo matumizi yake hayajajulikana, basi mtoto mgonjwa anachomwa sindano mara 6 kwa jambo lisilomhusu, na mama yake hajaambiwa. Kamati haikuweza kubashiri jibu la mtafiti, na bila jibu hilo isingeweza kusema hatari ni ya haki au la. Hiyo ndiyo sababu ya kuahirisha.

Jinsi inavyoandikwa

Katibu mzembe angeandika hivi: “Wajumbe walilijadili andiko kwa kina na kukubaliana lirudishwe kwa mtafiti kwa marekebisho.” Sentensi hiyo ni sanifu na haina kosa la kisarufi, lakini haina kitu. Mtafiti hatajua arekebishe nini. Kikao kijacho, ambacho huenda kikawa na wajumbe wengine, hakitajua kinachopaswa kupimwa. Na mkaguzi akija baada ya miaka miwili hatajua kama kweli kulikuwa na mjadala.

Muhtasari unaostahili jina hilo ungesomeka takriban hivi:

“5.3 Mjumbe mmoja alitangaza kuwa ni mtafiti mwenza, akatoka nje. Wajumbe 8 walibaki, akidi ilitimia.

Kamati ilibaini kuwa swali la utafiti lina umuhimu na mbinu ya ufuatiliaji wa siku 28 inafaa.

Kamati ilibaini kuwa jumla ya damu ya mshipa (mililita 24) inavuka mililita 3 kwa kilo kwa watoto walio chini ya kilo 8, na kwamba andiko halina kigezo cha kumwondoa mtoto mwenye upungufu wa damu.

Mjumbe mmoja alikuwa na maoni kuwa hoja hii ingetatuliwa kwa sharti la kupunguza kiasi. Wengine waliona kuwa uhalali wa damu ya mshipa haujaelezwa, na kwamba jibu linaweza kubadili tathmini ya hatari.

Uamuzi: Andiko limeahirishwa. Kura: kuahirisha 7, kuidhinisha kwa masharti 1, waliojizuia 0.

Sababu: (a) hakuna maelezo kwa nini damu ya kidole haitoshi, (b) matumizi ya baadaye ya sampuli hayakubainishwa na wazazi hawakuombwa ridhaa juu yake, (c) hakuna rasimu ya mkataba wa kuhamisha sampuli.

Mambo mengine ya kurekebisha: simu ya katibu, shahidi huru, kiasi cha nauli.

Andiko lirudi kwenye kikao kamili.”

Tazama mambo matatu. Sababu za kuahirisha zimetengwa na marekebisho madogo, ili mtafiti asitumie wiki mbili kusahihisha nauli huku akiacha jambo lililomkwamisha. Maoni ya aliyepinga yamehifadhiwa pamoja na hoja yake, maana kutofautiana ni ushahidi kwamba watu walifikiri. Na mstari wa mwisho unafunga mlango: hakuna mtu anayeweza kuliidhinisha andiko hilo ofisini peke yake.

Kanuni za serikali ya Marekani, zinazozigusa pia taasisi zetu zinazopokea fedha za utafiti kutoka huko, zinayataja mambo haya waziwazi. Muhtasari lazima uonyeshe mahudhurio, hatua zilizochukuliwa, kura za kukubali, kupinga na kujizuia, msingi wa kudai mabadiliko au kukataa, na kifupi cha mambo yaliyobishaniwa na jinsi yalivyotatuliwa.

Baltimore, 2001

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika utafiti, kinachoweza kupotea ni uhai wa mtu.

Mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, kijana wa miaka 24 aliyeitwa Ellen Roche, mwenye afya njema, alijitolea kushiriki utafiti kuhusu pumu. Alivutishwa kwa pumzi kemikali iitwayo heksamethoniamu. Mapafu yake yaliharibika, na tarehe 2 Juni akafariki. Baadaye ilionekana kuwa machapisho ya zamani, ya miaka ya 1950, yalikuwa yameshaonya kuhusu madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu, na hayakuwa yamepatikana wakati utafiti ulipoandaliwa.

Mwezi Julai, ofisi ya serikali inayolinda washiriki wa utafiti ilisimamisha karibu tafiti zote za chuo hicho zilizohusisha binadamu na kupata fedha za serikali. Wakaguzi hawakuishia kwenye kifo chenyewe. Walifungua majalada ya kamati. Walikuta kwamba maandiko mengi mapya hayakuwa yakijadiliwa moja moja na kikao kizima, na kwamba kwa vikao vingi hapakuwa na muhtasari. Chuo chenye sifa duniani hakikuweza kuonyesha kwa karatasi kwamba watu wake waliuliza maswali yaliyopaswa kuulizwa. Mbele ya mkaguzi, mjadala usioandikwa hauna tofauti na mjadala usiofanyika.

Kurudi mezani

Turudi kwa andiko letu. Mtafiti alijibu kwa jedwali lenye safu tatu: hoja ya kamati, jibu lake, na ukurasa ulipobadilishwa. Alikiri kwamba kwa swali la malaria damu ya kidole inatosha. Damu ya mshipa aliihitaji kwa jambo moja tu, kupima kiwango cha dawa mwilini, na hilo lingewezekana kwa mililita 2 siku ya 7 pekee. Uhifadhi wa sampuli aliutenga, akaandaa sehemu ya pili ya fomu ambayo mzazi anaweza kuikataa huku mtoto akibaki kwenye utafiti.

Katika kikao cha pili jambo hili lilikuja chini ya yatokanayo. Wajumbe waliona kwamba hatari imeshuka kutoka mililita 24 hadi 2 na matone ya kidole. Uamuzi ukawa kuidhinisha kwa masharti mawili: mtoto ambaye hemoglobini yake iko chini ya gramu 7 kwa desilita, yaani mwenye upungufu mkubwa wa damu, asiandikishwe bali apelekwe hospitali, na mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umesainiwa kabla sampuli yoyote haijavuka mpaka.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtafiti anasoma neno “imeidhinishwa” kwenye barua, anaruka maneno “kwa masharti”, na Jumatatu inayofuata wasaidizi wake wako kijijini. Andiko lililoidhinishwa kwa masharti bado halijaanza kuishi. Mshiriki wa kwanza haandikishwi mpaka ofisi ya kamati ithibitishe kwa maandishi kwamba marekebisho yamefanyika. Kwa upande wake, kamati huandika kwenye muhtasari nani atathibitisha kila sharti. Sharti lisilo na mwenyewe halifuatiliwi na mtu.

Hata cheti kikitoka, masharti hayajaisha. Cheti cha NIMR hutolewa kwa mwaka mmoja na huja na masharti yake: ripoti ya maendeleo kila baada ya miezi 6, ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo, na nakala za machapisho kuwasilishwa. Cheti hicho hukumbusha pia kwamba kukiuka masharti ni kosa la jinai chini ya Sheria Na. 23 ya 1979. Utafiti ukiendelea kupita mwaka, huombewa upya, na wajumbe hufungua muhtasari wa zamani kuona kama yaliyoahidiwa yalitendeka.

Mipaka ya karatasi

Muhtasari hauoni kila kitu. Kamati husoma andiko. Haipo chumbani mama anaposomewa fomu haraka huku foleni ikimsukuma. Wala muhtasari mrefu si lazima uwe mzuri. Dalili ya kamati iliyochoka ni sababu zilezile kunakiliwa neno kwa neno kutoka andiko moja hadi jingine, kura ambazo daima ni za pamoja, na vikao vinavyopitisha maandiko mengi kwa saa chache. Dalili ya kamati inayofanya kazi ni hoja inayohusu andiko hili tu, yenye namba zake, umri wa washiriki wake na hatari zake.

Wewe msomaji huenda hutauona muhtasari wowote maishani, lakini siku moja unaweza kuombwa damu yako au ya mwanao kwa ajili ya utafiti. Kabla ya kuweka saini au dole gumba, tafuta kwenye fomu jina la kamati iliyoidhinisha, namba ya kibali na tarehe ya kuisha kwake, na simu ya katibu wa kamati. Uliza damu itatolewa kiasi gani, mara ngapi, na itakwenda wapi baada ya hapo. Kama majibu hayapo kwenye fomu, piga simu hiyo. Kama simu yenyewe haipo, usitie saini.